Simu ya Kutoka Ng'ambo ya Mto

Wenzetu wa wilaya za Ngara na Biharamulo huvuka mpaka kama wengine wanavyovuka barabara. Yuko aliyeoa upande wa pili, yuko anayepeleka maharage na ndizi, yuko anayekwenda kumzika shangazi na kurudi siku ya tatu. Kwa sababu hiyo juma hili tumeona tulizungumze jambo ambalo familia nyingi hulifahamu baada ya kuchelewa, nalo ni hali ya raia wetu anapokamatwa katika nchi isiyokuwa yake. Ni nani anayepaswa kujulishwa, ubalozi unaweza nini na hauwezi nini, na wakili hupatikana vipi mahali ambapo hatumjui hata mwenye duka.

Tutumie mfano, ili mambo yasibaki hewani. Tumfikirie kijana wa Ngara, wa miaka 22, mwenye pikipiki ya kubebea mizigo. Hatutampa jina, maana ni kijana wa mfano, ingawa waliopatwa na mambo ya namna hii ni wengi. Mtu anayemfahamu kwa sura tu anampa begi alifikishe Kirehe, mwendo mfupi baada ya daraja la Rusumo, na kumwahidi ujira mzuri. Kijana anavuka. Mbele kidogo askari wa Rwanda wanamsimamisha, wanafungua begi, na chini ya nguo wanakuta bangi. Saa mbili usiku mama yake anapigiwa simu kwa namba asiyoijua. Sauti ni ya mwanawe, inasema maneno machache: "Mama, nimeshikwa. Niko Kirehe." Simu inakatika.

Kwanza tuseme uzito wa jambo lenyewe, kwani wazazi wengi hudhani kwamba kosa hupimwa kwa mizani ya nyumbani. Mtu akikamatwa Rwanda huhukumiwa kwa sheria ya Rwanda. Sheria ya makosa na adhabu ya nchi hiyo ya mwaka 2018 iliweka adhabu ya kuanzia miaka 20 jela hadi kifungo cha maisha kwa mwenye kusafirisha au kuuza dawa za kulevya za daraja la juu kabisa, na bangi imewekwa katika daraja hilo. Kwa hiyo kijana aliyedhani amebeba nguo za mtu sasa yuko katika hatari ya kumaliza ujana wake gerezani. Kusema kwamba yeye ni Mtanzania hakupunguzi kitu katika kosa. Uraia wake unampa jambo jingine, dogo kuliko watu wanavyodhani lakini la thamani kubwa likitumiwa mapema.

Jambo hilo limo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu kazi za maafisa wa ubalozi wanaoshughulikia raia, ambao kwa lugha ya kibalozi huitwa makonseli. Ibara ya 36 ya mkataba huo inasema kwamba mgeni akikamatwa, wenye mamlaka wanapaswa kumweleza bila kuchelewa kuwa ana haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Akitaka, wao wanapaswa kuuarifu bila kuchelewa, na barua yake kwa konseli wanapaswa kuifikisha. Konseli naye ana haki ya kumtembelea, kusema naye, kuandikiana naye na kumfanyia mpango wa kupata wakili. Tanzania na Rwanda zote zimo katika mkataba huo.

Msomaji aangalie vizuri mpangilio wa maneno hayo. Mkataba hausemi kwamba polisi watampigia balozi kila mgeni anaposhikwa. Unasema aliyekamatwa aelezwe, kisha yeye ndiye atake. Akinyamaza, au akisema hataki, ubalozi unaweza usijue kabisa. Na anaruhusiwa kukataa: konseli hapaswi kumsimamia mtu aliyepinga waziwazi kusimamiwa. Wako wanaokataa kwa kuona haya, wakiogopa kwamba habari itafika kijijini. Kijana wetu anaweza kuwa mmoja wao. Laiti angelijua kuwa habari itafika kijijini kwa vyovyote, na afadhali ifike ikiwa na msaada nyuma yake.

Je, polisi wasipomweleza? Hapa iko kesi moja ya Afrika ambayo kila familia yenye mtu ughaibuni ingefaa kuijua. Ahmadou Sadio Diallo alikuwa raia wa Guinea aliyehamia Kongo mwaka 1964, akafanya biashara huko kwa zaidi ya miaka 30. Kampuni zake zilizidai taasisi za serikali na makampuni makubwa fedha nyingi. Tarehe 5 Novemba 1995 alikamatwa, akawekwa ndani siku 66 mfululizo. Aliachiwa tarehe 10 Januari 1996, akakamatwa tena kabla mwezi huo haujaisha, na tarehe 31 Januari akafukuzwa nchini. Guinea iliishitaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini Hague, mwishoni mwa mwaka 1998.

Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni hilo la Ibara ya 36. Kongo ilijitetea kwamba Diallo aliambiwa kwa mdomo, na tena kwamba ubalozi wa Guinea ulikuwa na habari ya kukamatwa kwake. Katika hukumu yake ya tarehe 30 Novemba 2010 Mahakama ilizikataa hoja hizo. Ilisema wajibu wa kumweleza mtu haki yake ni wa wenye kumkamata, nao wautimize wenyewe bila kungoja kuulizwa. Kwamba ubalozi ulipata habari kwa njia nyingine hakuuondoi wajibu huo. Na madai ya kuwa aliambiwa kwa mdomo hayakuwa na ushahidi. Mwaka 2012 Mahakama iliamuru Kongo ilipe dola 95,000 za Kimarekani kwa madhara aliyoyapata.

Hukumu hiyo ni nzuri, lakini tuitazame kwa jicho la mama aliyeko Ngara. Kutoka kukamatwa hadi kuamriwa fidia ilipita miaka 16. Aliyekwenda mahakamani ni serikali ya Guinea, kwani katika mahakama ile mtu binafsi hana nafasi ya kushitaki. Haki ya Ibara ya 36 ikivunjwa hurekebishwa polepole mno, na aghalabu baada ya mtu kuwa amekwisha kuteseka. Zaidi ya hayo, Mahakama hiyo hiyo katika kesi ya Mexico dhidi ya Marekani, mwaka 2004, ilieleza kwamba "bila kuchelewa" hakuna maana ya papo hapo baada ya kukamatwa, wala si lazima kuwe kabla ya mahojiano kuanza. Wajibu huanza pale wenye mamlaka wanapotambua, au wanapokuwa na sababu ya kudhani, kwamba huyu ni mgeni. Mahojiano ya kwanza, basi, yanaweza kwisha kabla jina la ubalozi halijatajwa.

Na hapo kwenye kutambua kwamba huyu ni mgeni ndipo penye mtego wa watu wa Ngara, ambao Mtanzania wa Tanga au wa Lindi hana.

Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kijana wetu akisema na askari wa Kirehe wanaelewana. Hilo linampa faraja usiku ule, na ndilo linalomponza. Askari hana sababu ya kumwona mgeni upesi, na kijana haoni sababu ya kuomba mkalimani. Anahojiwa kwa Kinyarwanda, maelezo yanaandikwa kwa Kinyarwanda, anasomewa, anaitikia, anatia sahihi. Lakini lugha ya sokoni si lugha ya jalada. Tuchukue neno moja tu, *kwemera*. Katika mazungumzo ya kawaida ni kukubali. Katika maelezo ya polisi, *kwemera icyaha* ni kukiri kosa. Kijana akiulizwa kama anakubali kwamba begi lilikuwa juu ya pikipiki yake, ataitikia, maana ni kweli. Ikiwa karatasi imeandikwa kwamba amekiri kusafirisha, sahihi yake imekwisha kuwa ushahidi dhidi yake, na wakili atakayekuja siku ya nne atakuta ukuta umejengwa.

Kwa hiyo anayevuka mara kwa mara afundishwe maneno mawili matatu ya kusema, naye ayaseme kwa Kiswahili: kwamba yeye ni raia wa Tanzania, kwamba anataka ubalozi wa Tanzania mjini Kigali uarifiwe, na kwamba anataka mkalimani na wakili kabla ya kutia sahihi. Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, hivyo kumpata wa kukifasiri si muujiza. Kukisema kunafanya kazi nyingine pia: kunamtambulisha kuwa ni mgeni, na hapo wajibu wa Ibara ya 36 unaanza kuhesabiwa. Tunasisitiza kwamba hatumfundishi mtu kuwadanganya polisi. Jina lake, la wazazi wake na la kijiji chake ayaseme kwa ukweli. Akijiita Mnyarwanda ili aachiwe upesi, amejifungia mlango wa ubalozi kwa mkono wake.

Turudi kwa mama. Usiku huohuo hana la kufanya ila kuandika: namba iliyopiga, saa, na neno Kirehe. Asubuhi aende ofisi ya Uhamiaji ya Rusumo. Kituo cha Rusumo ni cha huduma za pamoja, tangu kilipozinduliwa mwaka 2016 pamoja na daraja jipya, na maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi wakitazamana kila siku. Afisa wa Tanzania hana amri juu ya polisi wa Rwanda, lakini anaweza kuuliza kwa njia ya kikazi kama kijana wa jina hili ameshikwa, na wapi alipo. Jibu la swali hilo ni nusu ya safari, kwani mahabusu huhamishwa. Aliyeshikwa Kirehe leo anaweza baada ya siku kadhaa kuwa Rwamagana, katika gereza la Nsinda.

Jambo la pili ni ubalozi wenyewe. Wengi hawajui kwamba familia inaweza kuuarifu ubalozi moja kwa moja, bila kungoja polisi wala mfungwa. Mama, au mjomba mwenye kuandika vizuri, aandike barua fupi kwa ubalozi wa Tanzania Kigali na nakala kwa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Dodoma. Aandike jina kamili la kijana kama lilivyo katika kitambulisho, tarehe na mahali alipozaliwa, namba ya kitambulisho cha Taifa au ya pasi, siku aliyokamatwa, mahali, kosa kama linajulikana, na namba ya simu ya ndugu mmoja. Mmoja tu. Ndugu watano wakipiga simu kila mmoja na habari yake, ofisi itapokea habari tano zinazopingana.

Swali la kwanza litakalotoka ubalozini halitakuwa kama kijana ana hatia. Litakuwa: je, ni raia wetu kweli?

Tusikasirike tunapoulizwa. Tukumbuke tunakaa wapi. Mwishoni mwa Aprili 1994, kiasi cha watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja, na Benaco ikawa mji wa mahema kwa usiku mmoja. Wengi walirudi, wako waliobaki, wako waliooana na wenyeji. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na wako waliozaliwa hapa ambao walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wa hapa. Mtu wa Ngara anaweza kukanushwa pande zote mbili. Polisi wa kule wamwone Mnyarwanda au Mrundi kwa lugha yake, na afisa wa kwetu asite kumdai kwa sababu hiyohiyo. Katika muda wa kusita huko siku zinahesabika, na kijana yuko ndani.

Kinachoikata shaka hiyo ni karatasi, na karatasi bora ni ile iliyokuwapo kabla ya tatizo. Barua ya mtendaji wa kijiji iliyoandikwa juzi ina nguvu yake, lakini cheti cha kuzaliwa cha miaka 15 iliyopita, cheti cha kumaliza darasa la saba, kadi ya kliniki, na kitambulisho cha mzazi vina nguvu zaidi, maana hakuna atakayesema vimetungwa kwa ajili ya kesi. Tunazishauri familia ziwe na bahasha ya nakala hizo nyumbani kwa kila mtoto anayevuka mpaka, na picha zake zihifadhiwe katika simu ya mtu mwingine. Simu ya kijana itakuwa mikononi mwa wapelelezi. Pikipiki pia, na kila kilichokuwa mfukoni.

Wenye mabinti Maskati, Dubai na Riyadh wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Huko aghalabu pasi hukaa kwa mwajiri, na mwajiri ndiye mlalamikaji. Binti yuko kituoni, anayeshikilia ushahidi wa uraia wake ni yule aliyemshitaki. Nakala ya ukurasa wa picha wa pasi, ikiwa katika simu ya mama yake hapa nyumbani, ndiyo inayomwezesha konseli kuanza kazi bila kumpigia magoti mtu huyo.

Sasa konseli amethibitisha na amefika. Familia hutegemea atoke na kijana mkononi, na hapa kuna masikitiko mengi. Konseli hana uwezo wa kumtoa mtu mahabusu, kuingilia uamuzi wa hakimu, kumwakilisha mahakamani wala kumlipia wakili. Anachoweza ni kumwona, kuhakikisha yuko hai na hapigwi, kuuliza kama ameonwa na daktari ikiwa ni mgonjwa, kueleza familia hali ilivyo, kuuliza polisi sababu ya kukamatwa na siku ya kufikishwa mahakamani, kutoa orodha ya mawakili, na kukaa mahakamani akisikiliza. Mwenye swaumu au mwiko wa chakula anaweza kumwomba konseli aliseme hilo kwa wakuu wa gereza. Ni ombi, na hujibiwa kwa kadiri ya taratibu za gereza. Ziara yenyewe ina faida isiyoandikwa popote: mahabusu anayejulikana kwamba ana mtu wa kumuulizia hutazamwa kwa macho mengine.

La wakili ni letu wenyewe, na lina haraka. Kwa sheria ya Rwanda ya mwaka 2019 ya mwenendo wa mashauri ya jinai, Idara ya Upelelezi, ambayo wao huiita RIB, inaweza kumshikilia mtu siku 5. Kisha jalada huenda kwa mwendesha mashtaka, naye ana siku 5 za kuamua. Akiona kuna kesi, kijana hupelekwa mbele ya hakimu, si kwa hukumu, bali ili iamuliwe kama akae ndani wakati upelelezi unaendelea. Hakimu akikubali, kijana hukaa siku 30, na muda huo unaweza kuongezwa. Shauri hilo la kwanza ndilo kubwa kwetu. Kijana asipopata wakili kabla yake, atasimama peke yake na lile karatasi alilotia sahihi.

Wako watakaosema: tunaye wakili wetu Bukoba, mtu hodari, tumpeleke yeye. Wakili wa Bukoba hana ruhusa ya kusimama katika mahakama ya Rwanda kwa sababu tu amesajiliwa Tanzania. Kila nchi ina chama cha mawakili na daftari lake, na anayetoka nje huhitaji kibali cha chama cha huko. Wakili wa Bukoba afanye ya kwake: kukusanya vyeti, kuandika viapo vya mashahidi walioona begi likikabidhiwa, na kuwasiliana na mwenzake wa Rwanda. Atakayesimama awe katika daftari la Chama cha Mawakili cha Rwanda, na hilo huthibitishwa kwa kukiuliza chama chenyewe. Kadi ya biashara haithibitishi kitu, wala ukoti mweusi.

Orodha ya ubalozi ni mwanzo mzuri, ila ieleweke kwamba ubalozi hautoi dhamana ya hodari wala ya bei. Familia ichague watatu, iwapigie wote, iwaulize maswali yaleyale. Je, huzifanya kesi za jinai, au kazi yake ni mikataba na ardhi? Je, atakwenda mwenyewe Kirehe, au atamtuma mwingine? Je, anasema Kiswahili na mteja wake? Ada ni kiasi gani, na ni ya hatua gani? Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mama analipa fedha alizopata kwa kuuza ng'ombe wawili akidhani amelipia kesi nzima, kumbe amelipia shauri la dhamana tu, na siku ya kesi yenyewe wakili anadai nyingine. Hajamdhulumu. Makubaliano hayakuandikwa. Yaandikwe, yataje hatua kwa hatua, na kila malipo yawe na stakabadhi. Asiye na uwezo aulize ofisi ya msaada wa sheria inayoitwa MAJ, ambayo ipo katika kila wilaya ya Rwanda, na amwombe pia konseli amuulizie.

Kwa mgeni dhamana ni ngumu kuliko kwa mwenyeji, wala si kwa sababu ya chuki. Hakimu anajiuliza: nikimwachia, atarudi? Mto uko pale, na ng'ambo ya mto ni kwao. Wakili mzuri huja na jibu la swali hilo: ndugu au shemeji aliyeoa upande ule, mwenye makazi yanayojulikana, aliye tayari kusimama mdhamini, na hati ya kusafiria ya kijana iwekwe mahakamani. Basi ule undugu wa kuvuka mpaka unaofanya polisi wasimtambue kijana kuwa mgeni ndio unaoweza kumpatia mdhamini. Familia imtafute shemeji huyo ndani ya zile siku za mwanzo, na imweleze ukweli wote, hata la bangi. Akija kulisikia mbele ya hakimu, atarudi nyuma.

Katikati ya haya yote simu itapigwa tena. Safari hii sauti ni ya mtu mzima, ya upole, inajitambulisha kuwa ya askari. "Mama, mwanao tunaye. Mambo yanaweza kwisha leo, tuma laki nne kwa namba hii." Mama zetu wengi wametuma. Mpigaji anaweza kuwa tapeli aliyesikia habari sokoni, au hata mtu aliyeko mahabusu pamoja na kijana. Njia ya kumpima ni kumuuliza kituo gani, jalada namba ngapi, mpelelezi jina lake nani, kisha kusema kwamba wakili atakuja kuzungumza. Tapeli hukasirika au hukata simu. Na kama ni askari kweli, basi ni hatari zaidi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 dhidi ya rushwa inamfunga mtoaji na mpokeaji pia, kifungo cha zaidi ya miaka 5 hadi miaka 7, pamoja na faini ya mara 3 hadi 5 ya thamani ya kilichotolewa. Ndugu aliyekwenda kumtoa kijana kwa bahasha anaweza kulala naye chumba kimoja.

Tumfuate kijana wetu hadi mbele ya hakimu. Tuseme siku ya tisa barua ya mjomba imekwisha kufika Kigali, uraia umethibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, afisa wa ubalozi amekaa benchi la nyuma. Wakili aliyepatikana siku ya sita anaomba mkalimani wa Kiswahili, na anaonyesha kwamba maelezo ya kwanza yaliandikwa bila mkalimani. Analeta viapo vya wawili waliokuwa kijiweni begi lilipokabidhiwa, na namba ya simu ya aliyelitoa. Shemeji wa Kirehe yupo. Hakimu, kwa uzito wa kosa, anaweza bado kuamuru kijana akae ndani siku 30. Hilo si mwisho wa kesi. Wakili akate rufaa juu ya kizuizi hicho upesi, kwa kuwa muda wake huhesabiwa kwa siku. Na sasa jalada lina maneno mengine zaidi ya yale ya usiku wa kwanza, mpelelezi ana jina la mtu wa kumtafuta upande wa Tanzania, na mama anajua siku ya kuvuka daraja kwenda kumwona mwanawe.